Mkalimani wa lugha ya alama asipotee kwenye kioo cha Zoom

Tuseme shule imemwita mama kiziwi kwenye mkutano wa Zoom kuhusu masomo ya mwanawe. Wapo mwalimu, mshauri wa shule, mama, mumewe na mkalimani wa lugha ya alama. Mwanzoni mambo yanakwenda vizuri. Mwalimu akishika mazungumzo, sura yake inajaa kioo kizima na mkalimani anabaki kwenye kidirisha kidogo pembeni. Sababu ni kwamba Zoom hufuata sauti. Mkalimani anasema kwa mikono, kwa hiyo programu inamwona kama mtu aliyenyamaza.

Dawa ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza inaitwa "Pin". Kwenye kompyuta, peleka kishale juu ya picha ya mkalimani, bonyeza nukta tatu, uchague neno hilo. Kwenye simu, gusa picha yake mara mbili. Huhitaji ruhusa ya mtu, lakini kinachobadilika ni kioo chako peke yako.

Ya pili ni "Spotlight for Everyone". Hii humweka mkalimani mbele kwenye vioo vya wote, na mwenye mkutano au msaidizi wake ndiye anayeweza kuiwasha. Usipoiona kwenye orodha yako, usihangaike kuitafuta. Mwandikie mwalimu siku moja kabla umwombe aiwashe. Mwombe amweke na mama pia, kwa "Add Spotlight", maana naye atajibu kwa alama, na asipoonekana vizuri watu watasikia sauti ya mkalimani tu kana kwamba mama hayupo.

Kosa la kawaida hutoka kwa mwenye mkutano mwenyewe. Anabonyeza "Pin", anamwona mkalimani mkubwa, anadhani wote wanamwona hivyo. Kabla hamjaanza, muulizeni mtu aliye kwenye kifaa kingine anaona nini.

Kuna nyakati tatu za kuangalia tena. Mtandao wa mkalimani ukikatika akarudi, kazi yote inafanywa upya. Mkutano ukiwa mrefu huja wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, na mwenye mkutano asipombadilisha mtu mara moja, mtakuwa mnamtazama anayepumzika (ni rahisi zaidi kuwaweka wote wawili tangu mwanzo). Halafu mwalimu akionyesha karatasi zake kwenye kioo, picha za watu husinyaa. Kwenye kompyuta fungua "View Options", chagua "Side-by-side", kisha uvute mstari ulio katikati mpaka mikono ya mkalimani ionekane vizuri. Kioo cha simu ni kidogo mno kwa hayo mawili pamoja, hivyo mwombe mwalimu akutumie karatasi hizo mapema.