Ukweli Utangulie: Slaidi Nne za Ebola kwa Kitswamba, Bwera na Kasese Nzima

Kijitabu hiki ni cha wahudumu wa afya wa vijiji, walimu, na viongozi wa makanisa na misikiti watakaosimama mbele ya watu na slaidi hizi. Mnaweza kuzionyesha ukutani, kuzichapa kwenye karatasi kubwa au kuzituma kwa WhatsApp. Njia hiyo ya mwisho ndiyo inayotutia wasiwasi, na kwa sababu yake tumezipanga tofauti na mabango mliyozoea.

Mabango mengi ya afya huandika dhana potofu juu kabisa, kwa herufi kubwa: “Chanjo inaleta Ebola.” Chini yake, kwa herufi ndogo, ndipo panaposemwa kwamba si kweli. Mtu aliye juu ya boda boda anapiga picha nusu ya juu, anaituma kijijini, na tayari bango la afya limekuwa shahidi wa uvumi. Hata aliyelisoma lote anaweza kubaki na yale maneno makubwa peke yake wiki chache baadaye.

Kwa hiyo kichwa cha kila slaidi yetu ni ukweli wenyewe. Dhana inatajwa mara moja tu, katikati, ikitanguliwa na maneno “Husemwa hivi, lakini si kweli.” Kisha tunaeleza uvumi ulitoka wapi, na tunamalizia kwa kuurudia ukweli. Sehemu ya asili ya uvumi msiiruke hata muda ukiwa mfupi. Watu wa Kasese hawasemi mambo haya kwa ujinga. Karibu kila uvumi una jambo la kweli ndani yake ambalo mtu aliliona kwa macho, na ukimwambia hakuliona, hatakusikiliza tena.

Slaidi ya 1: Ukiwahi kutibiwa, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi

Husemwa hivi, lakini si kweli: kituo cha Ebola ndicho kinachoua.

Tunaanza na hii kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wamfiche mgonjwa ndani. Hapa kwetu ina historia. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake alifikishwa hospitali ya Kagando. Wahudumu wakashuku Ebola, akahamishiwa kituo cha Bwera, na tarehe 11 vipimo vikathibitisha. Mtoto akafa. Bibi yake akafa pia. Mdogo wake wa miaka 3 alirudishwa Kongo kutibiwa, naye akafa huko. Aliyetazama kutoka barabarani aliona watu wanaingia Bwera na hawatoki.

Ambacho hakukiona ni kwamba familia hiyo ilikuwa imetoka kwenye mazishi ya babu yao ng’ambo ya mpaka, na babu alikufa kwa Ebola. Waliingia hospitalini wakiwa na ugonjwa tayari. Ugonjwa wenyewe haukuenea upande wa Uganda, lakini jambo hilo halikuonekana barabarani.

Mkishaeleza hayo, toeni hesabu moja tu. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola mashariki mwa Kongo. Kati ya kila wagonjwa 100 waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa 19. Kati ya kila 100 waliofika baada ya kuugua siku tano, walikufa 47. Waacheni watu wazitazame namba hizo mbili kwa muda. Msiahidi kwamba kila anayewahi atapona, kwa sababu wale 19 nao wana ndugu, na huenda mmoja wao ameketi mbele yenu.

Slaidi ya 2: Chanjo haiwezi kukupa Ebola

Husemwa hivi, lakini si kweli: waliochanjwa ndio walioanza kuugua.

Chanjo iliyotumika Kongo, na iliyoanza kutolewa upande wetu tarehe 15 Juni 2019 kwa watu waliokutana na wagonjwa, haina kirusi kizima cha Ebola. Ni kirusi cha ugonjwa wa mifugo kilichodhoofishwa na kuwekewa sehemu moja tu ya ganda la nje la kirusi cha Ebola. Mwili unajifunza kuitambua sehemu hiyo. Ebola yenyewe haiwezi kutengenezwa na sehemu moja.

Uvumi huu una asili mbili, na zote zitajeni. Ya kwanza: wengi waliochanjwa hupata homa, kuumwa kichwa na maumivu ya viungo kwa siku chache. Mwili unafanya kazi yake, lakini anayetazama anaona dalili zinazofanana na mwanzo wa Ebola. Ya pili ni nzito zaidi. Chanjo hupewa kwanza watu waliomgusa mgonjwa, na huchukua kama siku 10 kujenga kinga kamili. Ebola nayo hujitokeza siku yoyote kuanzia ya 2 hadi ya 21 baada ya kuambukizwa. Aliyeambukizwa Jumatatu na kuchanjwa Alhamisi anaweza kuugua wiki inayofuata. Jirani anakumbuka sindano, kwa sababu aliiona. Siku ya maambukizi hakuna aliyeiona. Choreni mstari wa siku ubaoni na mweke alama hizo mbili mbele ya watu. Wataelewa upesi kuliko mkisema maneno mengi.

Slaidi ya 3: Kipima joto kinaonyesha homa, hakionyeshi Ebola

Husemwa hivi, lakini si kweli: aliyepita kipima joto cha mpaka wa Mpondwe bila kuzuiwa ni salama, na aliyezuiwa ana Ebola.

Huku kwetu homa mara nyingi ni malaria. Na aliyeambukizwa juzi hana homa bado, kwa hiyo kipima joto kinampitisha. Asiye na dalili hawezi kumwambukiza mtu, ndiyo maana anafuatiliwa siku 21 badala ya kufungiwa na kutengwa kwa chuki. Kitswamba mtaambiwa hayo ni mambo ya Bwera. Jibuni kwamba mtoto wa Juni 2019 aligunduliwa na macho ya wahudumu wa Kagando. Na safari ya kutoka mpakani hadi kwenu Kitswamba, kwenye barabara ya Fort Portal, ni ya saa chache tu.

Slaidi ya 4: Maiti ya aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana

Husemwa hivi, lakini si kweli: ugonjwa hufa pamoja na mtu.

Virusi huwa vingi mwilini mtu anapokufa, na kuosha na kugusa ndiko kunakovihamisha. Hapa msibishane na mila. Semeni familia inaweza kusimama kwa mbali, kuomba na kuona jeneza likishushwa kaburini na timu yenye mavazi ya kinga.

Kabla ya kuzituma tena

Kila slaidi ina tarehe na jina la aina ya kirusi pembeni, nanyi msiikate sehemu hiyo. Ebola iliyotufikia 2019 ni aina ya Zaire, na chanjo tuliyoieleza pamoja na hesabu ya slaidi ya 1 ni za aina hiyo. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende ilikuwa aina ya Sudan, ambayo chanjo ile haiizuii. Aliyeisambaza slaidi ya chanjo ya 2019 wakati huo alikuwa anaeneza jambo lililokuwa kweli 2019 lakini lililopotosha 2022. Mlipuko mpya ukitangazwa, ulizeni kwanza ofisi ya afya ya wilaya ni aina gani. Ikiwa si Zaire, ondoeni slaidi ya 1 na ya 2 na muwape watu ya 3 na ya 4 peke yake hadi tuwaletee nyingine.