Mteja akikuambia "Naomba Bei ya Zanzibar", Anza na Swali Hili

Wauzaji wenzangu mnaopanga safari za watu, leo nawapa somo lililonigharimu 150,000. Mteja alikuja inboksi akasema, "Tunataka Zanzibar, tuna laki sita." Mimi nikajua laki sita kila mtu. Nikawahi kushika vyumba kwa hela yangu visije vikachukuliwa. Kumbe laki sita ilikuwa ya watu wote watatu, boti humo humo. Mteja akaghairi na hoteli haikurudisha hela. Kosa halikuwa la mteja, ni mimi sikuuliza.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili, nikawa namtumia mtu maswali manane kwa mpigo. Wengi walikuwa wanasoma halafu kimya. Sasa hivi nauliza kwa hatua tatu, na kila hatua inafungua inayofuata.

Hatua ya kwanza ni tarehe na watu. Haya yanakwenda pamoja kwa sababu ni rahisi kujibu, na bila hayo huwezi hata kuuliza hoteli kama ina nafasi. Naandika hivi: "Karibu sana dada. Mnategemea kwenda tarehe ngapi na kurudi lini? Na mko wangapi? Kama kuna watoto niambie umri wao."

Tuseme anajibu, "Pasaka, tuko wanne, watoto miaka 3 na 9." Hapo umepata mengi. Sikukuu boti zinajaa, kwa hiyo tiketi zikatwe mapema. Pasaka pia mara nyingi inaangukia kipindi cha masika, kwa hiyo mwambie mapema kwamba mvua inaweza kunyesha. Na "wanne" hawa sio watu wazima wanne. Pengine chumba kimoja cha familia kinawatosha, badala ya viwili.

Kama hajui tarehe, usimbane. Muulize mwezi gani na anaweza kulala huko usiku mangapi. Inatosha kuendelea.

Hatua ya pili ni kitu anachokitaka zaidi. Usiulize "mnapenda nini", atakujibu "vyote". Uliza: "Kitu gani kimoja kikikosekana mtaona safari haijakamilika?" Mteja wetu anasema watoto waogelee baharini. Basi Paje na Jambiani weka pembeni kwanza, maana kule maji yakitoka yanaenda mbali sana na unaweza kusubiri masaa ndipo uogelee. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu siku nzima. Angesema anataka kuzunguka Mji Mkongwe, ningemtafutia malazi mjini, maana kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari.

Hatua ya tatu ndio bajeti. Naiweka mwisho kwa sababu ukianza nayo mteja anahisi unampima mfuko, anakutajia kidogo au anakimbia. Akishaona umemuelewa, anasema. Ila akiitaja mwenyewe mwanzoni kama yule wangu, usiiache ipite. Muulize hapo hapo: "Hiyo ni ya wote au kila mtu? Nauli ya boti imo?"

Mteja wetu anasema 800,000 ya wote, boti imo, usiku 3. Tuseme boti kwenda na kurudi inakuja 220,000, na gari ya bandarini hadi Nungwi na kurudi 120,000. Inabaki 460,000. Gawa kwa 3, unapata kama 153,000 kwa usiku, na hapo chakula na faida yako bado. Sasa unajua unatafuta gesti nzuri ya familia, sio hoteli kubwa ya ufukweni. Kama haifiki, mrudie na chaguo mbili: apunguze usiku mmoja, au akae mbali kidogo na bahari. Achague yeye.

Angalia, kama ningeanza na bajeti, laki nane isingeniambia chochote. Laki nane ya watu wawili Mji Mkongwe na laki nane ya familia Nungwi ni safari mbili tofauti kabisa.

Mwisho, kabla hujalipia kitu, mrudishie kwa meseji moja: "Dada, nithibitishie: Ijumaa hadi Jumatatu, watu wazima 2, watoto 2, Nungwi, chumba kimoja cha familia, 800,000 ya wote pamoja na boti. Ni sawa?" Akisema sawa, omba malipo ya awali, ndio ushike chumba. Ningekuwa na meseji hiyo siku ile, 150,000 yangu ingekuwa mfukoni.

Wewe mteja akija inboksi unaanza na swali gani? Niandikie hapo chini.