Ushuhuda wa Mteja: Kutoka Meseji Ndefu Hadi Video ya Nusu Dakika

Wauzaji wenzangu, mteja akikuandikia meseji ndefu ya kukusifia na akakubali kuisema kwenye video, usimpe aisome ilivyo. Atasikika kama anasoma risala mbele ya mgeni rasmi, na watu watadhani umemlipa. Kosa si lake. Tunavyoandika sivyo tunavyoongea.

Mimi nauza mchele hapa Ifakara. Mama mmoja mwenye mgahawa aliniandikia hivi (nimefupisha):

"Napenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa dhati kwa mchele wako bora wa Supa, ambao umekuwa msaada mkubwa katika biashara yangu ya chakula, kwani hapo awali nilikuwa nikinunua mchele wa kuchanganywa ambao ulikuwa ukishikana na wateja kulalamika. Ingawa mzigo wa kwanza ulichelewa siku moja, ulinijulisha mapema. Nawashauri wote wanunue kwako."

Kuisoma kwenye simu ni nzuri. Kuisema, pumzi inaisha kabla ya sentensi. Nilifanya hivi.

1. Tafuta kilichotokea. Shukrani na ushauri weka pembeni, kila ushuhuda unazo. Hapa jambo lenyewe ni wali kushikana. Na lina sababu: mchele mpya unataka maji machache kuliko wa zamani, ukichanganya haviivi pamoja. Nikampigia: "Mama, wateja walikuwa wanalalamikaje?" Akacheka: "Walikuwa wananiuliza, mama, huu wali au ugali?" Hilo halikuwemo kwenye meseji, na ndilo linalobeba video nzima. Ndiyo maana usiishie kwenye meseji, muulize mtu mwenyewe.

2. Kata penye "ambao", "kwani" na "ingawa". Kila ukikutana na neno kama hilo, weka nukta uanze upya. Sentensi moja, pumzi moja. "Hapo awali" iwe "zamani". "Nilikuwa nikinunua" iwe "nilikuwa nanunua", kama anavyosema akiwa jikoni kwake.

3. Usifute doa. Kishawishi ni kuondoa ile siku moja ya kuchelewa. Mimi niliiacha. Mtu anayetaka kutuma hela kwa muuzaji asiyemjua anajiuliza mambo yakiharibika itakuwaje, na mama huyu anamjibu.

Ikawa hivi:

"Mimi napika wali kila siku. Zamani nilikuwa nanunua mchele wa kuchanganya. Mpya humohumo, wa zamani humohumo. Ukipika, huku umeshashikana, huku bado una kiini. Wateja wananiuliza, 'Mama, huu wali au ugali?' Basi, nikaja kununua Supa hapa. Mzigo wa kwanza ulichelewa siku moja, ila alinipigia mapema, nikajipanga. Sasa hivi wali unachambuka. Lile swali la ugali silisikii tena."

Isome kwa sauti huku unaangalia saa. Ni kama nusu dakika, bila kukimbia.

Siku ya kurekodi, karatasi iache nyumbani. Maneno yale ni ya kukuongoza wewe, si ya yeye kukariri. Mpe vituo vitatu tu: shida ya zamani, mzigo wa kwanza, sasa hivi. Kaa pembeni ya simu, muulize kimoja kimoja, naye akuangalie wewe. Mwombe aanze kwa kutaja jambo lenyewe, "Zamani nilikuwa nanunua...", ili baadaye ukikata sauti yako jibu lisimame lenyewe. Na kaa mbali na mashine ya kukoboa, itameza sauti yote.

Akitazama juu kama anayetafuta neno, amekariri. Mwambie asahau maneno, akusimulie tu. Akijikwaa mara mbili palepale, sentensi ndiyo mbaya, ibadilishe. Akisema tofauti na ulivyoandika lakini maana ni ileile, mwache. Lake ndilo zuri.

Mpaka wa kazi yako. Unafupisha, huongezi. Mama hakusema mchele wangu unashinda wote bonde la Kilombero, kwa hiyo simwekei maneno hayo mdomoni. Tena alipika Supa. Siku nikiuza Saro, video hii siiweki, maana mteja atapika kitu kingine na ushuhuda utageuka uongo. Kabla ya kuposti, mtumie aione kwanza. Akisema "hapa sikusema hivi", kata.

Leo chukua meseji moja ndefu ya mteja wako, piga mstari chini ya kila "ambao", kisha mpigie umuulize swali moja: "Kwani zamani ilikuwaje?" Andika jibu lake neno kwa neno. Anzia hapo.