Mandhari Meusi Huokoa Chaji Kiasi Gani?

Ukiiwekea simu mandhari meusi, ukurasa ukawa giza na maandishi yakageuka meupe, wengi watakuambia kwamba umeokoa chaji. Hawajakosea, ila kauli yao ina masharti mawili: aina ya kioo cha simu, na mahali ulipokiacha kitelezi cha mwangaza. Sharti la pili husahaulika mara nyingi, nalo ndilo zito zaidi. Ili tulielewe, tuanzie chini kabisa, kwenye nukta moja ya mwanga.

Vioo vya simu ni vya aina kuu mbili. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha LCD. Nyuma ya kioo hiki kuna taa ndogo zinazokiangaza chote kwa pamoja, na mbele ya taa hizo kuna tabaka la fuwele za kimiminika ambazo kazi yake ni kuzuia mwanga au kuupisha. Ni kama sebule yenye taa inayowaka nyuma ya pazia zito: pazia likifungwa, aliyeko nje huona giza, lakini mita ya LUKU ndani inaendelea kuhesabu. Pikseli nyeusi ya LCD ni pazia lililofungwa. Taa bado inawaka na umeme unaliwa uleule.

Kioo cha OLED, ambacho madukani huitwa zaidi AMOLED, hakina taa ya nyuma. Kila pikseli ni taa yenyewe. Ina vipande vidogo vya rangi tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila kipande kimetengenezwa kwa matabaka membamba ya molekuli zenye kaboni yaliyobanwa kati ya ncha mbili za umeme. Elektroni huingia upande mmoja, na kutoka upande wa pili huja nafasi zinazokosa elektroni. Zikikutana katikati, nishati iliyobebwa na elektroni huachiliwa kama chembe ya mwanga. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza kifaa cha namna hii mwaka 1987, na vioo vya leo vinafuata kanuni ileile.

Kinachofuata hapo ni rahisi kukubalika. Mkondo wa umeme ukiongezeka, elektroni nyingi zaidi hukutana na nafasi zao na mwanga huongezeka, karibu kwa uwiano uleule. Mkondo ukikatwa, hakuna mwanga, na taa ya pikseli hiyo haili chochote. Kwa hiyo gharama ya picha kwenye OLED ni jumla ya mwanga wa pikseli zake zote, moja baada ya nyingine. Ukurasa mweupe ni mamilioni ya taa zilizowashwa kwa nguvu, na ukurasa mweusi ni taa hizohizo zikiwa zimelala.

Rangi nazo hazilingani kwa gharama. Buluu ndiyo ghali, kwa sababu mbili zinazotokana na fizikia yenyewe. Kwanza, chembe moja ya mwanga wa buluu hubeba nishati nyingi kuliko chembe ya kijani au nyekundu, kwa hiyo kuizalisha kunahitaji nishati zaidi. Pili, kuna suala la ufanisi. Elektroni na nafasi zikikutana ovyo, ni tukio moja tu kati ya manne linaloweza kutoa mwanga kwa urahisi, na matatu yaliyobaki huelekea kuishia kama joto. Kwa nyekundu na kijani, wanakemia walipata molekuli zenye metali nzito ya iridiamu zinazoyaokoa hata hayo matatu. Kwa buluu kazi imekuwa ngumu, maana nishati yake kubwa huzivunja molekuli za aina hiyo mapema, na vioo vingi vimeendelea kutumia buluu ya aina ya zamani, inayopoteza zaidi lakini inayodumu. Ndiyo maana nyeupe, ambayo haiwezi kupatikana bila buluu, ni rangi ya gharama kubwa kuliko zote.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa mandhari meusi hulibishania bure. Wapo wanaosema kwamba programu zinazotumia kijivu kizito badala ya weusi kamili zinatuibia chaji. Tupige hesabu. Rangi ya pikseli huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255, lakini namba hiyo haipimi mwanga moja kwa moja. Jicho letu hutofautisha vizuri zaidi viwango vya giza kuliko vya mwanga mkali, kwa hiyo namba zimepangwa kulifuata jicho. Kijivu cha katikati, `#808080`, kina namba 128, nusu ya 255, lakini mwanga wake halisi ni takriban asilimia 22 tu ya nyeupe. Kijivu kizito `#121212`, ambacho programu nyingi hukitumia kama usuli wa mandhari meusi, kina namba 18. Ukifuata kanuni ya kawaida ya kubadili namba kuwa mwanga, unapata kama asilimia 0.6 ya nyeupe. Chini ya asilimia moja! Kati yake na weusi kamili hakuna tofauti ambayo betri ingeihisi.

Sasa tuje kwenye kitelezi cha mwangaza. Kitelezi hiki huzidisha kila kitu kilichomo kwenye picha. Ukikishusha hadi taa zote zitoe sehemu moja ya nane ya mwanga wake, gharama ya nyeupe nayo inashuka hadi karibu sehemu moja ya nane, na kile unachoweza kuokoa kwa kuizima kinashuka pamoja nayo. Huwezi kuokoa pesa ambayo hukuwa unaitumia.

Tuchukue simu moja ya mfano, yenye betri ya miliampea-saa 5000, yaani kama wati-saa 19 za nishati. Tuseme prosesa, redio ya mtandao na saketi zinazoendesha kioo hula wati 1.2 mtu anaposoma habari, iwe mandhari ni meusi au meupe. Tuseme pia kioo kizima kikiwa cheupe kabisa, mwangaza ukiwa juu kabisa, mwanga wake hula wati 1. Ukurasa wa kawaida wenye usuli mweupe una maandishi na picha, basi tuupe asilimia 80 ya nyeupe kamili. Ukurasa huohuo katika mandhari meusi tuupe asilimia 5.

Nje juani, mwangaza ukiwa juu kabisa, ukurasa mweupe unakula 1.2 na 0.8, jumla wati 2. Ukurasa mweusi unakula 1.2 na 0.05, jumla wati 1.25. Umeokoa zaidi ya theluthi moja, na muda wa kusoma unapanda kutoka saa 9 na nusu hadi saa 15. Hilo ni badiliko ambalo kila mtu ataliona.

Ingia ndani, kitelezi kikishuka hadi mwanga uwe asilimia 12 ya ule wa juani. Sasa mwanga wa ukurasa mweupe hula wati 0.096 tu, na wa ukurasa mweusi wati 0.006. Jumla ni 1.296 dhidi ya 1.206. Umeokoa asilimia 7: kutoka saa 14 na dakika 40 hadi saa 15 na dakika 45. Wati 1.2 za prosesa na redio zimebaki palepale, nazo ndizo zinazomaliza betri.

Namba hizo ni za mfano, lakini hazijatupwa hewani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walipima simu kadhaa za OLED wakitumia programu kama YouTube, ramani na kalenda za Google. Kwa mwangaza wa asilimia 30 hadi 50, kuhamia mandhari meusi kuliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9. Kwa mwangaza wa asilimia 100, kuliokoa asilimia 39 hadi 47. Miaka mitatu kabla yake, Google wenyewe walikuwa wameonyesha ramani yao kwenye simu ya Pixel ya OLED, mwangaza ukiwa juu kabisa: mkondo ulishuka kutoka miliampea 250 hadi 92 ramani ilipogeuzwa kuwa ya usiku. Kwenye iPhone 7, yenye LCD, ulibaki miliampea 230 kwa ramani zote mbili. Punguzo hilo la kuvutia la asilimia 63 kwenye Pixel lilitoka katika mazingira hayo, na limesimuliwa sana bila kutajwa kitelezi kilikuwa wapi.

Kuna kejeli kidogo hapa. Juani, ambako mandhari meusi yana faida kubwa, ndiko yanakosomeka kwa shida, kwa kuwa mwanga wa jua unaorudishwa na kioo hufunika maandishi membamba meupe. Ndani, ambako yanasomeka kwa raha, faida yake ni ya saa moja hivi kwa chaji nzima. Na katika mfano wetu, aliyeacha mandhari meupe akashusha kitelezi alipoingia ndani ameokoa wati 0.7 bila kugeuza rangi yoyote.

Ukitaka kujipimia, zima mwangaza wa kujirekebisha, weka hali ya ndegeni, kisha acha picha nyeupe ya kioo kizima kwa saa moja na nyeusi kwa saa nyingine. Fanya hivyo kwa mwangaza wa juu, la sivyo hutaona kitu. Asilimia moja ya betri yetu ni wati-saa 0.19. Ndani, kurasa zetu mbili zilitofautiana kwa wati 0.09, kwa hiyo zingehitaji zaidi ya saa mbili ili namba ya asilimia kwenye simu itofautiane kwa moja tu. Juani tofauti ya wati 0.75 huonekana kama asilimia 4 kwa kila saa.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kioo ni OLED kweli, hasa kama simu imewahi kupita kwa fundi. Kioo halisi cha AMOLED ni ghali, na sokoni kuna vioo mbadala vya LCD, ambavyo mafundi huviita incell au TFT, vinavyotengenezwa vitoshee kwenye simu zilizozaliwa na OLED. Simu itawaka, mguso utafanya kazi, na mandhari meusi yatakuwepo kwenye mipangilio kama zamani, bila kuokoa chochote. Ili kujua, ingia chumba chenye giza usiku, fungua picha nyeusi tii inayojaza kioo chote, na pandisha mwangaza hadi mwisho. Kwenye OLED hutaona mahali kioo kinapoishia. Kwenye LCD utaona kijivu hafifu kikivuja, na mara nyingi pembezoni ndiko kinakozidi.