Kondomu ikivaliwa, uume unalala

Swali: Daktari, nina miaka 29. Nikiwa na mpenzi wangu wa kiume nasimamisha vizuri, ila nikivaa kondomu tu, uume unalala. Asubuhi naamka umesimama. Nimenunua sildenafili. Je, naumwa?

Jibu: Kusimama huko kwa asubuhi kunaonyesha mishipa yako ya damu inafanya kazi. Kinachokuangusha ni hofu: ukianza kujichunguza, mwili humwaga adrenalini, nayo hubana mishipa ya uume. Mweleze mwenzako. Kwa wiki 2 bakini kwenye kupapasana tu, bila kuingiliana, huku ukizoea kuvaa kondomu ukiwa peke yako. Kuingilia nyuma huhitaji uume mgumu zaidi, hivyo tumieni kilainishi cha maji kwa wingi. Nakusihi, usichanganye sildenafili na popazi, vile vichupa vya kunusa: shinikizo la damu huporomoka ghafla, na unaweza kufa.