Watu Wanne, Dakika Nane: Kugawana Wasilisho Bila Kupunjana

Klabu yenu ya afya imepewa dakika 8 kwenye paredi ya Ijumaa. Mada ni malaria. Mko wanne, na maandishi mmeshayaandaa, kurasa nne za daftari. Basi mmoja anasema, "Si rahisi tu? Kila mtu ukurasa wake."

Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Tazama jinsi ukurasa wa 2 unavyoishia: "Homa peke yake haithibitishi malaria, kwa hiyo usinunue dawa..." Ukurasa wa 3 unaanza: "...kabla ya kupima." Msemaji wa pili anamaliza, watu wanapiga makofi, wa tatu anasogea mbele, anasalimia, anajitambulisha. Aliyekaa nyuma ameondoka na nusu ya ujumbe: usinunue dawa. Nusu hiyo inaweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo usikate kwa kurasa. Tuone namna ya kukata.

Anza na saa, siyo na karatasi

Dakika 8 ni sekunde 480. Ukigawa kwa wanne, kila mtu ana sekunde 120. Lakini si zote za mada. Namba Moja anafungua kwa salamu, kama sekunde 20. Namba Moja, Mbili na Tatu kila mmoja anamkabidhi mwenzake, sekunde 10 kila mara. Namba Nne anafunga, sekunde 30. Hizo zote ni muda wa kusema, kwa hiyo zihesabiwe kwa mwenyewe. Muda wa mada unaobaki ni huu:

Namba Moja: 120 toa 20 toa 10, inabaki 90.
Namba Mbili: 120 toa 10, inabaki 110.
Namba Tatu: 120 toa 10, inabaki 110.
Namba Nne: 120 toa 30, inabaki 90.

Jumla ya muda wa mada ni sekunde 400. Sasa zigeuze ziwe maneno. Mmoja asome kwa sauti ya paredi, siyo ya kunong'ona, kwa dakika moja, kisha mhesabu maneno aliyosoma. Tuseme ni 90. Hiyo ni maneno 3 kila sekunde 2. Basi Namba Moja na Nne wapate maneno 135 kila mmoja, na Namba Mbili na Tatu wapate 165 kila mmoja. Jumla ni 600. Maandishi yenu yakiwa na maneno 900, msijidanganye kwamba mtasema haraka. Punguzeni.

Kata pale maana inapoisha

Mada ya malaria ina vipande vinne vinavyojitenga vyenyewe: jinsi inavyoambukizwa, dalili, kupima na kutibu, na kujikinga. Mkihesabu, mnakuta maambukizi yana maneno 120, dalili 210, tiba 110 na kinga 160. Hayalingani na muda tuliopanga. Je, tumpe Namba Tatu sentensi chache za dalili kusudi tu hesabu itimie? Hapana. Tafuta maneno ambayo kwa maana yake yangeweza kukaa kwa jirani.

Kwenye dalili kuna maneno 45 yanayosema kwamba homa inaweza kuletwa na magonjwa mengi, na kwamba lazima damu ipimwe. Kumbe hayo ni ya kupima! Yahamie kwa Namba Tatu. Dalili zinabaki 165, tiba inakuwa 155. Kwenye kinga kuna maneno 15 yanayoeleza kwamba mbu jike wa anofelesi huuma zaidi kati ya jioni na alfajiri. Hayo ni ya maambukizi, yaende kwa Namba Moja, afike 135. Kinga imebaki na 145, futeni 10 yanayorudia jambo lililokwisha kusemwa. Namba Tatu naye aongeze 10 kusisitiza kwamba dawa mseto ya ALu humezwa mara 2 kwa siku kwa siku 3, na usiiache njiani hata ukijisikia nafuu. Ile sentensi iliyokatika sasa yote iko mdomoni mwa mtu mmoja.

Makabidhiano yenyewe

Umeshasikia hii: "Sasa namkaribisha mwenzangu atakayezungumzia dalili." Halafu mwenzake anakuja: "Asante. Mimi nitazungumzia dalili." Jambo moja limesemwa mara mbili, na hakuna aliyejifunza chochote. Majina yote manne ayataje Namba Moja kwenye salamu. Baada ya hapo, anayemaliza afunge wazo lake, aulize swali, na amtaje anayefuata. Anayefuata aanze na jibu.

Namba Moja: "Vimelea sasa vimo ndani ya damu. Je, mwili unatoa ishara gani?"
Namba Mbili: "Homa, kutetemeka, kichwa kuuma..."

Mwishoni Namba Mbili anasema: "Lakini homa huja na magonjwa mengi. Tutajuaje kama hii ni malaria?" Namba Tatu anajibu palepale: "Kwa kupima damu." Naye atamaliza hivi: "Dozi imekwisha, umepona. Lakini mbu bado yuko chumbani. Tumzuieje?"

Kila mtu aandike juu kabisa ya karatasi yake lile swali la mwisho la aliyemtangulia. Akilisikia, anajua zamu yake imefika, hana haja ya kusukumwa kiwiko. Simameni kwa mpangilio wa kusema, na anayefuata asogee wakati swali linaulizwa, siyo baada yake. Kama kipaza sauti ni kimoja, kipokeeni kabla hamjafungua mdomo.

Saa ndiyo mwamuzi

Fanyeni jaribio, mwanafunzi wa tano ashike saa na kuandika sekunde za kila mmoja. Tuseme majibu ni 118, 150, 95 na 120. Namba Mbili amepitiliza sekunde 30. Msimwambie "harakisha bwana!" Yeye husema polepole, na polepole husikika vizuri. Maneno yake 180, pamoja na makabidhiano, yamechukua sekunde 150, kwa hiyo sekunde 120 zinamtosha maneno 144. Ana maneno 36 ya ziada.

Kabla ya kumpa Namba Tatu mzigo huo, muulizeni aliyekaa nyuma kama alimsikia. Kama hakusikia, Namba Tatu anakimbiza, apunguze mwendo kwanza. Kama alisikika, basi ana nafasi. Mpeni zile dalili za hatari: degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu. Zinakaa vizuri kwenye tiba, maana mgonjwa wa namba hiyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja.

Angalia pia jambo hili: usawa ni wa sekunde, siyo wa maneno. Na kushika bango si kuzungumza. Kama yule dada mkimya wa kikundi chenu amepewa salamu na picha tu, saa itawaumbua.

Jaribuni wenyewe

Chukueni mada ya kipindupindu, dakika 6, watu wanne. Salamu sekunde 15, makabidhiano 10 kila moja, kufunga 25. Kila mmoja anabaki na sekunde ngapi za mada? Kisha andikeni maswali matatu ya kukabidhiana, na msome maswali hayo peke yake mbele ya rafiki. Akiweza kukisia mpangilio wa mada nzima, mmekata vizuri. (Majibu ya hesabu: 65, 80, 80 na 65.)