Somo la Tisa: Sarufi ya Masharti katika Tangazo la Kazi

Katika masomo yaliyotangulia tulishughulikia vimilikishi, kauli ya kutendwa na kiambishi -ki-, kila kimoja mahali pake. Katika somo hili tunavitazama vikifanya kazi pamoja ndani ya matini moja fupi: tangazo la mwenye gereji anayetafuta fundi. Tumelichagua kwa sababu tangazo la namna hii husomwa na watu wawili wenye maslahi tofauti, na kila mmoja huisoma sentensi ile ile kwa namna inayomfaa. Hapo ndipo mwalimu anapoweza kuonyesha kwamba utata wa kisarufi una bei, tena inayohesabika kwa shilingi.

Tangazo lifuatalo tumelitunga kwa mtindo wa matangazo ya gereji za Kampala, mji ambao mafundi wake husambaa kutoka Katwe na Ndeeba hadi soko la vipuri la Kisekka.

«NAFASI YA KAZI. Gereji yetu iliyopo Ndeeba, Kampala, inatafuta fundi wa magari mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Fundi atafanya kazi katika gereji kwa vifaa vyake. Atalipwa asilimia 40 ya kazi, kila Jumamosi. Kutakuwa na majaribio ya mwezi mmoja, na akifaa ataajiriwa. Fika kabla ya saa nne asubuhi.»

Hakuna kosa la upatanisho katika tangazo hili. Mwanafunzi akilileta kama insha, walimu wengi wangelipa alama zote. Hata hivyo, fundi na mwenye gereji wanaweza kulikubali siku ya Jumatatu na kugombana kabla ya Jumamosi ya kwanza.

Vifaa vya nani?

Tuanze na kirai «vifaa vyake». Tumekwisha kuona kwamba kimilikishi cha Kiswahili hubeba habari mbili. Kiambishi cha mwanzo, hapa vy-, hupatana na kinachomilikiwa. Shina, hapa -ake, huonyesha nafsi ya anayemiliki. Shina hilo hutuambia kwamba mmiliki ni nafsi ya tatu umoja, basi. Halituambii ni nani kati ya nafsi za tatu zilizotajwa, wala halituambii kama mmiliki ni mtu au kitu. Twasema «mtoto na viatu vyake», na twasema pia «nyumba na milango yake».

Sasa irudieni sentensi ya tangazo. Kabla ya «vyake» kuna nomino mbili za nafsi ya tatu umoja zinazoweza kumiliki vifaa: fundi na gereji. Fundi asiye na vifaa ataisoma hivi: nitafanya kazi katika gereji kwa vifaa vya gereji. Mwenye gereji alikusudia kinyume chake. Sarufi inawaruhusu wote wawili, na ukaribu wa nomino, ambao wasomaji wengi huutumia kama kigezo, unamwelemea fundi.

Mwalimu anayefundisha wanafunzi wanaozungumza Kiganda na azingatie jambo moja hapa. Katika Kiganda, kimilikishi cha nafsi ya tatu humtenga mtu na kitu: cha mtu huishia na -e, na cha nyumba, kwa mfano, huishia na -yo. Mwanafunzi huyo amezoea lugha inayomwondolea utata wa aina hii, kwa hiyo hautarajii katika Kiswahili. Asipoonyeshwa waziwazi, ataandika «vyake» akiamini kwamba amekwisha kumtaja mtu.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza «mwenyewe»: «kwa vifaa vyake mwenyewe». Inasaidia, kwa kuwa kiambishi m- cha neno hilo hupatana na mtu, si na gereji. Lakini haitoshi palipo na watu wawili. Chukueni sentensi «Fundi atamwonyesha mwenye gereji vifaa vyake mwenyewe». Hapa utata umerudi, na umezidi, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida «mwenyewe» humaanisha pia yule anayemiliki mahali: mtu hufika gerejini, huuliza kama mwenyewe yupo, na hakuna anayedhani kwamba anamtafuta fundi. Njia iliyo imara zaidi ni kukitaja kifaa na mmiliki wake kwa kishazi rejeshi: «spana, soketi, bisibisi na koleo anazozimiliki fundi». Angalieni kwamba nomino zote nne ni za ngeli ya I-/ZI-, ndiyo maana kirejeshi kimekuwa -zo- na kiambishi cha yambwa -zi-.

Kuvitaja vifaa kwa majina kuna faida nyingine isiyo ya kisarufi. Neno «vifaa» ni pana mno. Kwa kawaida fundi huweza kubeba vifaa vya mkono: seti ya spana, tuseme za milimita 8 hadi 24, soketi na mpini wake, bisibisi, koleo na nyundo. Jeki kubwa ya magurudumu, winchi ya kunyanyulia injini, kompresa na mashine ya kusomea hitilafu za gari havibebeki mkobani, na bei yake ni ya mtu mwenye mtaji. Tangazo linalosema «vifaa» bila kubagua linaweza kumfukuza fundi hodari anayedhani kwamba anadaiwa winchi.

Asilimia 40 ya nini?

Sentensi ya malipo ina matatizo mawili, na la kwanza ni la -a unganifu. Katika «asilimia 40 ya kazi», kiunganifu kinatakiwa kuonyesha kiasi kizima ambacho sehemu inakatwa. Lakini «kazi» si kiasi. Je, ni fedha yote anayotoa mteja, au ni ile ya ufundi peke yake?

Tufanye hesabu. Mteja ameleta gari lenye breki zilizokwisha, na bili yake ni shilingi 300,000. Katika hizo, vipuri vilivyonunuliwa ni shilingi 220,000 na ufundi ni shilingi 80,000. Ikiwa «kazi» ni bili nzima, fundi atadai shilingi 120,000. Ikiwa ni ufundi peke yake, atapata shilingi 32,000. Tofauti ni shilingi 88,000 kwa gari moja, na imetokana na nomino moja. Mwenye gereji atasema kwamba maana ya kwanza haiwezekani, kwa sababu akishalipia vipuri anabaki na 80,000, na hawezi kutoa 120,000 humo. Ni kweli, lakini hoja hiyo inatokana na hesabu za gereji, ambazo fundi hazioni. Sentensi haikumwambia.

Tatizo la pili ni kauli ya kutendwa. «Atalipwa» inamtaja anayepokea na kumficha anayetoa. Mara nyingi hilo halina madhara, kwani msomaji humjua mtenda kutokana na muktadha. Hapa lina madhara, kwa kuwa fedha hutoka kwa mteja, hupitia kwa mwenye gereji, ndipo imfikie fundi. Mteja akichukua gari kwa mkopo, ni nani anayedaiwa na fundi siku ya Jumamosi? Tukiandika kwa kauli ya kutenda, «gereji itamlipa fundi», deni limepata mwenyewe. (Hili ndilo «mwenyewe» lile tulilolitaja hapo juu.)

Wanafunzi walinganishe pia «mteja akilipa» na «mteja akishalipa». La kwanza ni sharti: huenda asilipe kabisa, na fundi asipate kitu. La pili hupokewa zaidi kama mpangilio wa wakati: malipo ya mteja yakikamilika, la fundi linafuata. Hata hivyo -ki- bado imo ndani yake, kwa hiyo mtu mbishi anaweza kulisoma kama sharti. Anayetaka kumlinda fundi aandike «hata kama mteja hajalipa».

Akifaa

Sentensi ya majaribio ni fupi. «Akifaa ataajiriwa» ni sharti lenye matokeo, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili huongeza kimyakimya upande wa pili: asipofaa, hataajiriwa. Kutokana na hapo hufuata jambo zito zaidi: ikiwa ajira inaanza baada ya kufaa, basi mwezi wa majaribio si ajira. Fundi anaweza kuambiwa kwamba mwezi huo hauna malipo, na tangazo halimpingi anayesema hivyo.

Sheria haiko upande huo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaichukulia kazi ya majaribio kuwa ni mkataba wa ajira. Inaweka kikomo cha miezi 6, kinachoweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi mingine 6 mfanyakazi akikubali, na inataka anayeuvunja mkataba huo atoe taarifa ya siku zisizopungua 14, au mwajiri alipe ujira wa siku 7 badala ya taarifa. Kwa hiyo kitenzi kinachofaa si «ataajiriwa» bali «atathibitishwa», kwa maana kwamba ajira imekwisha kuwapo. Neno «atakapofaa» nalo tuliepuke: -po- ya wakati huchukulia kwamba kufaa kutatokea tu, na mwenye gereji hakuahidi hivyo.

Tangazo lililoandikwa upya

«Gereji yetu iliyopo Ndeeba, Kampala, inatafuta fundi wa magari aliyefanya kazi za injini na breki kwa miaka isiyopungua mitatu. Fundi aje na spana, soketi, bisibisi na koleo anazozimiliki yeye. Jeki, winchi na mashine ya kusomea hitilafu zitatolewa na gereji. Kwa kila gari atakalolitengeneza, gereji itamlipa fundi asilimia 40 ya malipo ya ufundi, bei ya vipuri ikiwa imeondolewa. Kazi zilizokamilika hadi Ijumaa jioni zitalipwa na gereji Jumamosi, hata kama mteja hajalipa. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio, na malipo yake ni ya kiwango hicho hicho. Atakayetaka kuuvunja mkataba katika mwezi huo, awe fundi au gereji, atoe taarifa siku 14 kabla. Fundi akifaa, atathibitishwa kwa barua.»

Mambo mawili ya kuwaonyesha wanafunzi. «Ikiwa imeondolewa» ina -ki- isiyo ya sharti. Inaeleza hali inayoambatana na tendo kuu, na mwanafunzi atakayeisoma kama «kama imeondolewa» atakuwa amerudisha mgogoro tuliouondoa. Na «zilizokamilika» hutumia -li- mahali ambapo tungetarajia -me-, kwa kuwa katika Kiswahili sanifu -me- haichukui kirejeshi cha ndani ya kitenzi. Anayeitaka -me- atumie «ambazo zimekamilika». Tangazo jipya limekuwa refu zaidi ya maradufu, na mwenye gereji anayelipia tangazo kwa idadi ya maneno atalalamika. Akilazimika kupunguza, aondoe sentensi ya uzoefu kabla ya kugusa ile ya malipo. Uzoefu ataupima kwa macho siku ya kwanza.

Zoezi

1. Andika sentensi tatu ambamo «vyake» inaweza kurejelea nomino mbili tofauti. Kisha ondoa utata katika kila moja bila kutumia neno «mwenyewe».

2. Mwenye gereji mwingine ameandika: «Fundi atalipwa 20,000 kwa siku akifanya kazi.» Eleza fundi atapata nini siku ambayo amefika gerejini lakini hakuna gari lililoletwa, kwanza kwa msomo wa fundi, kisha kwa msomo wa mwenye gereji. Iandike upya mara mbili, kila mara kwa maana moja tu.

3. Wagawe wanafunzi wako wawili wawili, mmoja awe fundi na mwingine mwenye gereji. Wape tangazo la kwanza na bili ya shilingi 300,000 iliyotumiwa katika somo hili, kisha kila mmoja atetee madai yake kwa kutaja kiambishi au neno analolitegemea.